Umekula, au Bado?

*Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Tanga, Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, mbele ya walimu na wapenzi wa Kiswahili. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, kwa ajili ya walioshindwa kufika.*

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, kina mama mliokaa kule nyuma mlangoni mnapopata upepo, vijana wangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya lugha ya mapenzi. Najua wapo waliokuja wakitarajia mashairi. Mashairi leo sina. Nina kitenzi kimoja kifupi sana, kitenzi cha kula, na swali ambalo wengi wetu tumeulizwa tangu asubuhi.

Hebu niwaulize. Nani hapa ametoka nyumbani leo bila kuulizwa kama amekunywa chai? Nyoosheni mikono. Naona mikono miwili, na mmoja ni wa kijana anayeishi peke yake. Waliobaki mmeulizwa. Mmeulizwa na mke, na mama, na mume, na dada wa chumba cha jirani. Mkajibu huku mnatafuta viatu, mkatoka. Nani kati yenu alisimama akawaza kwamba hapo alikuwa anaambiwa anapendwa?

Nimefundisha wageni Kiswahili kwa miaka mingi, na mgeni ana faida moja: anakosea pale ambapo sisi hatukujua kwamba pana kitu cha kukosea. Nitaanza na kosa la kijana mmoja kutoka Korea.

Kijana huyu alikuwa akiishi hapa hapa Tanga, kwa mama mmoja mtu mzima aliyempokea kama mwanawe. Mama yule alikuwa na kazi zake za mchana. Kabla hajatoka alipika, akampakulia mgeni wake, akakiacha chakula mezani kimefunikwa kwa kawa. Siku hiyo ilikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kijana akarudi mchana, akala, akaosha sahani, akaipanga kabatini. Mtoto mwenye adabu.

Jioni mama akarudi, akavua baibui, akamuuliza, "Mwanangu, umekula?" Alikuwa anauliza chakula cha usiku. Kijana akajibu kwa Kiswahili alichofundishwa na mimi: "Sikula, mama."

Mama akanyamaza. Kesho yake asubuhi nikamwona anaingia uwanja wa shule, kanga kaifunga kiunoni. Akaniambia, "Mwalimu, niambie ukweli. Huyu mtoto chakula changu kimemkinai? Nimemwachia samaki wa kupaka, hakula. Sahani kaiosha ili nisijue. Kampa nani chakula changu?"

Mnacheka, lakini mama yule alikuwa na machozi. Na kosa lilikuwa la silabi moja tu. Kijana alitaka kusema "sijala". Akasema "sikula".

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye mambo yote niliyokuja nayo. "Sikula" ni habari ya jana. Ni mlango uliofungwa. Chakula kilikuwapo, wakati ulikuwapo, nami sikula, na sababu ninayo moyoni. "Sijala" ni mlango uliofunguliwa nusu. Ndani yake mna bado. Sijala, lakini nitakula; sijala, lakini siku haijaisha; sijala, na ukipakua sasa hivi nitakaa. Ndiyo maana mtu akikuuliza "Hukula?" unajitetea, na akikuuliza "Hujala?" unavuta kiti. Ile -ja- imebeba matumaini. Imebeba dhana kwamba mtu huyu lazima atakula, swali ni lini tu.

Nikamwita kijana, nikamwuliza alikuwa anawaza nini. Akanieleza, nami nikajifunza. Kwao watu wanaulizana "Bap mogosso?" Bap ni wali, na ni chakula chochote. Mogosso ni umekula. Anayejibu kwamba hajala anatumia umbo lilelile la wakati uliopita na kulitia kikanushi: an mogosso. Ukilitafsiri neno kwa neno, unapata "sikula". Uzuri ni kwamba wao mbele yake huweka neno ajik, yaani bado. Bado sikula. Kijana alikuwa na kanuni ya kwao mdomoni, na lile neno dogo la bado akalisahau. Akaufunga mlango bila kujua.

Nikaenda naye kwa mama. Nikamwambia mama, "Kwao sijala na sikula ni nguo moja." Mama akamtazama yule kijana kwa muda mrefu, halafu akamwambia, "Kumbe ulikuwa na njaa, na mimi nikaenda kulala." Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Usiku mzima mtoto alikuwa na njaa ndani ya nyumba yake.

Baada ya siku ile nikaanza kuwauliza wanafunzi wangu wote: kwenu mnaulizanaje? Na nikaona jambo. Mthailandi anauliza "Kin khao ru yang?" Kin ni kula, khao ni wali, ru ni au, yang ni bado. Kula wali, au bado? Mvietnam anasema "An kom chua?" An, kula, kom, wali, chua, bado. Kula wali bado? Mmalei na Mwindonesia anasema "Sudah makan?" yaani tayari umekula, na ambaye hajala hajibu hapana. Anajibu "belum". Bado. Mnaisikia? Lugha hizi hazina undugu na Kiswahili, na baadhi yake hazina undugu wenyewe kwa wenyewe. Lakini zote zimekataa kuuliza "umekula au hukula". Zote zinauliza: umekula, au bado?

Anayekupenda hakuulizi kama utakula. Hilo keshalimaliza moyoni mwake.

Na angalieni linaloulizwa. Mthailandi hasemi chakula, anasema wali. Mkorea anasema wali. Mchina akisema "chi fan", fan ni wali uliopikwa. Maana yake si kwamba ukila tambi hujala. Maana yake ni kwamba kila jamii ina kile chakula ambacho bila hicho tumbo halijakiri. Sisi tunajua. Mjomba wangu wa Mwanza unaweza kumpa mihogo, maziwa, ndizi mbivu na mahindi ya kuchoma, na saa mbili usiku atauliza, "Leo hatuli?" Kwake kula ni ugali. Na sisi wa huku asubuhi hatuulizi "umekula?", tunauliza "umekunywa chai?", na anayejibu "nimekunywa" tunajua alikula na mihogo na maandazi ya jana. Kwa hiyo mgeni anayetaka kupenda watu kwa lugha yao asijifunze kitenzi peke yake. Ajue na chakula gani kinahesabika.

Wakorea wana jambo jingine ambalo wazee wa Kiswahili mtalipenda. Bibi yako humuulizi "bap mogosso". Huo ni utovu wa adabu. Kwa bibi, wali wenyewe unabadilika jina, unaitwa jinji, na kula nako kunapata kitenzi cha heshima. Wali ni uleule, umetoka sufuria moja. Lakini uliopakuliwa kwa bibi una jina lake. Sisi shikamoo yetu tunaiweka kwenye salamu; wao wameiweka hata ndani ya sahani.

Ngoja sasa niwape upande wa pili, nisije nikawadanganya kwamba kila aulizaye anapenda.

Mpwa wangu ananunua nguo Guangzhou, China, anazileta Kariakoo. Safari yake ya kwanza alikodi chumba juu ya duka la mzee mmoja. Kila akishuka ngazi mchana, mzee anamwambia "Chi le ma?" Umekula? Kijana wetu alikuwa ameshafundishwa maana yake, akafurahi sana. Siku ya kwanza akajibu kwa ukweli: bado. Akasimama. Mzee akatabasamu, akaendelea kupanga viatu vyake. Kijana akasimama kidogo zaidi. Hakuna sahani. Akaondoka na njaa yake na aibu yake. Siku ya pili vilevile. Akanipigia simu: "Shangazi, watu hawa wanakuuliza njaa kisha wanakutazama."

Nikamwambia, mwanangu, wewe ukimwuliza jirani "Habari za nyumbani?" unataka akuhesabie madeni yake? Ile ni salamu. Jibu lake ni "chi le", nimekula, hata kama tumbo linalia, kama sisi tunavyojibu "nzuri" tukitoka mazishini.

Kuna msomi mmoja Mpolandi, Bronislaw Malinowski, aliyeishi na watu wa visiwa vya Trobriand, karibu na Papua, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1923 aliandika kwamba sehemu kubwa ya maneno ya watu haipeleki habari yoyote. Kazi yake ni kuvunja ukimya na kuwafunga watu pamoja. Na akaongeza jambo ambalo wengi wanaomnukuu hulisahau: kwamba kifungo hicho cha maneno hukamilika watu wanapokula pamoja. Kwa hiyo yule mzee wa Guangzhou alikuwa amefunga uzi mmoja. Wa pili haukuwa umefika.

Basi utajuaje? Swali ni lilelile, maneno ni yaleyale. Utajuaje hili ni salamu na hili ni moyo? Mimi ninatazama kitu kimoja. Ninatazama swali la pili.

Mdogo wangu ni dereva wa lori. Anatoka Dar es Salaam, anapita Morogoro, Iringa, Mbeya, anavuka Tunduma kuingia Zambia, anakwenda mpaka Lubumbashi. Wanaoijua Tunduma wanajua foleni yake. Safari moja walikaa siku nne, magari yamesimama kama tasbihi. Saa tatu usiku wifi yangu akampigia simu. Mimi nilikuwa kwake, nimekaa mkekani, na simu iliwekwa sauti ya juu ili nami nimsalimie. Nitawasimulia kama nilivyosikia.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Wali maharage."

"Saa ngapi?"

"Saa hizi hizi. Kwa mama ntilie, hapa karibu na foleni."

"Maharage ya nazi?"

Kimya kidogo. "Ndiyo, ya nazi. Matamu."

Wifi yangu akanitazama. Akasema taratibu, "Baba, nazi ya Tunduma imetoka wapi? Na saa hizi mama ntilie gani hajafunga?"

Mdogo wangu akanyamaza kabisa. Tunasikia injini za magari. Halafu akasema, "Pesa ya kula iliishia juzi."

Mnaona? "Umekula?" alijibiwa "nimekula", na kama lingekuwa swali la salamu mambo yangeishia hapo. Lilipita mpaka likafika kwenye nazi. Umekula nini, saa ngapi, wapi, na kitoweo gani. Ni mtu anayejua vizuri maharage ya bara na ya pwani, na anamjua mumewe kwamba akidanganya huongeza utamu. Wifi akamrushia shilingi 10,000 pale pale. Akamwambia, "Nenda ukanunue hata chipsi, halafu nipigie nisikie unatafuna."

Lakini hadithi haijaisha, na mwisho wake ndio ulionifanya niikumbuke. Kabla ya kukata simu mdogo wangu akauliza, "Na wewe?"

Wifi akajibu haraka mno: "Mimi nimekula." Nikamtazama. Tangu magharibi nilikuwa naye, na kilichopikwa walikula watoto.

Hakuna aliyeuliza swali la pili upande ule.

Nimelifikiria sana hili. Katika nyumba zetu, swali hili linapanda mlima upande mmoja. Mwanamke anamuuliza mume, anawauliza watoto, anamuuliza mkwe, anamuuliza fundi aliyekuja kuziba bomba. Mpishi anaulizwa na nani? Mama yangu alikula mwisho. Mara nyingi alikula ukoko, akisema anaupenda. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikajiuliza: hivi mtu anaweza kuupenda ukoko miaka yote hiyo?

Nilipokuwa Kampala kwenye mafunzo, nilikaa kwenye nyumba ya Waganda. Siku ya kwanza tumemaliza kula, baba mwenye nyumba akamgeukia mkewe akasema, "Weebale kufumba." Asante kwa kupika. Nikasema, hii nzuri. Lakini mkewe akajibu, "Weebale kulya." Asante kwa kula. Nikaweka maji chini. Walio na ndugu Uganda mnathibitisha. Aliyepika anashukuriwa kwa mkono wake, na aliyekula anashukuriwa kwa kinywa chake, kwamba hakukiacha chakula cha mwenzake kipoe. Na halisemwi siku ya harusi tu, linasemwa baada ya matoke ya Jumanne.

Waturuki wanamwambia mpishi "Elinize saglik", afya iwe mikononi mwako. Waajemi wanamwambia mkono wako usiume. Wote wanautaja mkono. Sisi tukimaliza tunasema "Alhamdulillahi, nimeshiba", tunamshukuru Mwenyezi Mungu, nasi tunafanya vizuri. Lakini yule aliyekaa mbele ya moshi akipuliza kuni yuko hapo hapo, na anasikia. Natamani Kiswahili cha nyumbani kiazime kitu kutoka Kampala.

Nimesema swali hili linapenda. Je, linaweza kuumiza? Ndiyo, linaweza.

Watu wengi wanaeleza kwamba Wachina na Wakorea wanaulizana hivi kwa sababu ya njaa za zamani. Korea walikuwa na msimu wakiuita kilima cha shayiri: miezi ya masika ambapo mchele wa mwaka uliopita umekwisha na shayiri haijaiva, na kila nyumba inapanda kilima kile kwa magoti. Maelezo haya yanaingia akilini. Sitayakataa. Lakini bibi yangu wa Handeni alinifundisha kinyume chake. Miaka ya 1974 na 1975, mvua ilipokatika na watu wakala ugali wa mahindi ya njano, ule walioupachika jina la Yanga kwa rangi yake, bibi anasema watu waliacha kuulizana. "Tuliulizana mmeamkaje, mmeshindaje. Umekula hatukuuliza." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Akikujibu bado, utampa nini?"

Ndivyo ulivyo uzito wa swali hili kwetu. Kwetu anayeuliza ameshika upawa. Ukimwuliza mtu hujala na huna cha kumpa, umemvua nguo, nawe umejivua. Kwa hiyo tahadhari yangu kwa vijana wanaoandikiana "umekula?" kila saa sita mchana kwenye simu: muulizeni mkiwa tayari kusikia bado.

Na kuna nyumba zenye ugonjwa. Baba yangu alikuwa na kisukari, akijichoma sindano ya insulini kabla ya chakula. Mnaokijua mnajua hesabu yake: sindano na chakula ni mapacha, mmoja asimtangulie mwenzake mbali. Siku moja mama alikwenda msibani. Baba akajichoma saa yake ilipofika, akakaa kumsubiri mama aje ampakulie. Wali ulikuwa jikoni, hatua kumi. Hakuwahi kujipakulia maisha yake yote. Jirani aliyepita kusalimia alimkuta anatetemeka, jasho linamtoka, anajibu mambo yasiyoulizwa. Kwa bahati jirani yule alijua sukari ikishuka inafananaje. Akamkorogea maji ya sukari, akamnywesha angali anaweza kumeza, akamletea chakula.

Tangu siku ile mama alibadilisha mpangilio wa maneno. Haikuwa tena "Umechoma?" kisha "Umekula?" Sahani ilifika mezani kwanza, kawa ikafunuliwa, ndipo sindano ikatolewa. Na wageni waliokuwa wakimshika baba mkono wakimwambia "ongeza kidogo, hujala kitu wewe", mama aliwanyamazisha. Aliwaambia wazi kwamba kwa huyu, "ongeza" si mapenzi.

Niseme juu ya wazazi wangu jambo moja la mwisho, kisha nishuke.

Walikuwa wakigombana kama watu wote. Ugomvi wa kwetu ulikuwa wa kimya, na kimya kile kilikuwa na sarufi. Siku ya kwanza mama hakusema na baba. Alipakua, akaniambia mimi, baba akiwa amekaa hatua tatu kutoka pale: "Nenda kamwambie baba yako chakula kiko mezani." Nami natembea hatua tatu, nasema, "Baba, chakula kiko mezani." Baba ananiambia, "Mwambie mama yako nimesikia." Mnanicheka? Wangapi hapa mlikuwa posta wa nyumba zenu? Haya, naona mikono, na safari hii si miwili.

Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mama anapita mlangoni, hamtazami mtu, anasema kama anayesema na ukuta: "Baba watoto, hujala."

Halikuwa swali. Sauti haikupanda mwishoni. Hujala. Ile -ja- niliyowaambia. Mlango uko wazi, chakula kipo, siku haijaisha. Baba anainuka, ananawa. Hakuna aliyesema samahani, wala sikumbuki kulisikia neno hilo katika nyumba ile, lakini tulijua, sisi watoto, kwamba tunaweza kupiga kelele tena.

Baba mwenyewe hakuwahi kumuuliza mama. Nasema hakuwahi, na nilikuwapo. Mpaka mwaka ule mama alipoanguka kisimani akavunjika mguu, akalazwa.

Mimi ndiye nilikuwa nikimpelekea chakula. Siku ya tatu nilimpeleka ndizi za nazi kwenye hotpoti, akala saa saba mchana, akamaliza, nikaiweka hotpoti tupu chini ya kitanda. Saa tisa baba akaingia. Mzee wa watu na fimbo yake, amepanda daladala mbili, na mkononi amekumbatia chupa ya chai. Ndani mna uji. Ameupika mwenyewe, asubuhi, peke yake jikoni, kwa mara ya kwanza ninayoijua mimi. Nilikuja kuuona, una mabonge.

Akavuta kile kibenchi, akakaa. Akaiweka chupa kwenye kabati dogo. Akamtazama mama, akasema, "Umekula?"

Mama akanitazama mimi. Akatupa jicho chini ya kitanda, kwenye hotpoti. Halafu akamgeukia mumewe.

"Sijala," akasema.

Baba akafungua chupa.